Stori ya Unga Mweupe: Je, Upo Hata Kwenye Nyanya na Chizi? Na Una Madhara Kweli?

Leo naomba mniazime dakika zenu kumi, kuna kitu kimenikaa rohoni.

Jirani na ninapoishi kuna dada mmoja anauza supu asubuhi. Supu yake ilikuwa ukichelewa hata saa mbili unakuta sufuria tupu. Miezi kadhaa nyuma ikaanza kuzunguka sauti moja kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anasema kwa kujiamini kabisa kwamba wapika supu wa mtaani wanatia "unga mweupe wa Kichina" na huo unga unaua ubongo polepole. Mdau mmoja akasema yeye kaona kwa macho yake yule dada anamimina kitu cheupe kwenye sufuria. Basi. Ndani ya wiki mbili wateja wakapungua nusu. Dada wa watu akawa anarudi na supu nyumbani.

Kilichonichekesha kwa uchungu ni hiki: baadhi ya waliomkimbia nimewakuta jioni wanakula piza yenye rojo zito la nyanya na chizi juu. Kama tatizo ni ule unga, basi wamekimbia moshi wakaingia jikoni. Nilianza kusoma kuhusu hii kitu nikagundua uvumi wenyewe una historia, una mwaka, na una mji. Twende taratibu.

TOKYO, 1908

Jina la ule unga ni monosodiamu glutameti. Kwenye pakiti utaona wameandika MSG au E621. Ni chengachenga nyeupe zinazofanana na chumvi, ila ukilamba peke yake haina maana yoyote. Utamu wake unaonekana ukiuchanganya na chakula.

Aliyeugundua ni profesa wa kemia pale Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, Kikunae Ikeda. Wajapani wana supu yao nyepesi wanayochemsha kwa mwani mpana uitwao kombu. Usifikirie mwani wa Zanzibar, huu ni mwingine kabisa, wa bahari ya baridi. Ikeda akawa anajiuliza: hii supu haina nyama, haina sukari, ni maji na mwani tu, sasa utamu unatoka wapi?

Wakati huo wataalamu walikuwa wanasema ulimi unajua ladha nne: tamu ya sukari, chumvi, chachu na chungu. Ikeda akasema hapana, kuna ya tano. Na alitaja mapema kabisa kwamba ladha hiyohiyo mtu makini ataikuta kwenye nyanya, kwenye jibini na kwenye nyama. Akachemsha kombu nyingi, akachuja, akakausha, mpaka akabaki na chenga za asidi ya glutamiki. Asidi yenyewe haikuwa mpya, Mjerumani mmoja alishaipata kutoka kwenye ngano mwaka 1866. Kipya ni kwamba Ikeda ndiye aliyegundua ina kazi gani kwenye ulimi.

Ladha hiyo akaiita umami, kutokana na neno la Kijapani la kusema kitu ni kitamu. Wazungu walichukua miaka mingi kuikubali maana lugha zao hazikuwa na neno lake. Sisi wenyewe tungeelewa siku hiyohiyo. Mswahili anasema "supu tamu" na hakuna hata kijiko cha sukari ndani, na kila mtu anaelewa anachosema.

Sasa ile asidi ni ngumu kuitumia jikoni ikiwa yenyewe, inachachua. Ikeda akaiunganisha na sodiamu, ile iliyoko kwenye chumvi ya kawaida, ikawa unga unaoyeyuka haraka. Hiyo ndiyo monosodiamu glutameti. Mwaka 1909 ikaanza kuuzwa dukani. Mwanzoni waliitoa kwenye ngano kwa kutumia asidi kali, kazi ngumu na ya gharama. Kwenye miaka ya 1950 Wajapani wakapata bakteria fulani wa udongoni ambaye ukimlisha sukari anatoa glutameti kwa wingi. Mpaka leo ndivyo inavyotengenezwa: molasi ya miwa au wanga wa mahindi au muhogo, bakteria anafanya kazi, kama vile mtindi au siki inavyotengenezwa.

SASA NYANYA NA CHIZI ZINAINGIAJE?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, naomba tuelewane vizuri.

Chukulia protini kama ushanga uliotungwa kwenye uzi. Punje za ule ushanga ni asidi za aina ishirini hivi, na moja yao ni glutameti. Nyama, maharage, maziwa, samaki, vyote vina punje hizo. Lakini ikiwa bado imetungwa kwenye uzi, ulimi hauihisi. Unaihisi ikikatika na kubaki huru. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kwenye chakula hiki kuna glutameti kiasi gani iliyo huru?

Nyanya mbichi ya kijani ina kidogo sana. Kadiri inavyoiva na kuwa nyekundu, inapanda mara kadhaa. Nyanya iliyoiva vizuri inafika kama miligramu 150 mpaka 250 kwenye kila gramu 100. Na nyingi ipo kwenye ule ute unaozunguka mbegu, ule ambao wapishi wa kisasa wanaukamua na kuutupa. Ndio maana bibi akikaangia nyanya mpaka maji yanakauka na mafuta yanapanda juu, mchuzi unakuwa mtamu vile: maji yameondoka, glutameti imebaki na imejikusanya. Nyanya ya kopo ni hesabu hiyohiyo.

Chizi nayo ina safari yake. Protini kuu ya maziwa ina glutameti nyingi, karibu moja ya tano ya punje zake, ila zote zimetungwa kwenye uzi. Chizi ikikaa miezi ghalani, vimeng'enya vinaukata ule uzi kidogokidogo na punje zinaachiwa. Ndio maana chizi changa inakuwa poapoa tu, wakati ile ya Kiitaliano ya parmezani, ambayo kisheria lazima ikae angalau miezi 12, ina glutameti huru zaidi ya gramu moja kwenye kila gramu 100. Hiyo inaipita nyanya mbali sana.

"Lakini hiyo ni ya asili, ile ya pakiti ni kemikali." Najua kuna mtu keshaanza kuandika hivyo. Sikia. Kwenye nyanya glutameti inaogelea kwenye maji pamoja na potasiamu na sodiamu kidogo. Kwenye chizi ipo pamoja na chumvi, yaani sodiamu ipo tele. Na ule unga wa pakiti ukigusa supu unayeyuka, glutameti inaenda kivyake na sodiamu kivyake. Ikifika mdomoni ni chembe ileile moja. Ulimi hautofautishi na utumbo hautofautishi. Hata Marekani, mamlaka ya chakula na dawa inasema chakula chenye glutameti yake ya asili hakiruhusiwi kuandikwa "hakina MSG", maana utakuwa unawadanganya wateja.

Na kama bado una shaka, kitu cha kwanza chenye glutameti ulichokula maishani ni maziwa ya mama. Yana glutameti huru karibu mara kumi ya maziwa ya ng'ombe.

BARUA YA APRILI 1968

Sasa kama kitu hiki kiko kwenye nyanya, kwenye chizi na kwenye ziwa la mama, uvumi ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye barua. Aprili 1968, jarida kubwa la madaktari Marekani lilichapisha barua fupi ya daktari mmoja mhamiaji, Mchina, aliyekuwa anafanya kazi jimbo la Maryland. Alieleza kwamba tangu ahamie Marekani, kila akila kwenye migahawa ya Kichina, hasa ile inayopika chakula cha kaskazini mwa China, baada ya dakika 15 mpaka 20 anahisi ganzi nyuma ya shingo, inashuka mikononi na mgongoni, anaishiwa nguvu, moyo unaenda mbio. Inadumu kama saa mbili inaisha.

Angalia alivyoandika. Hakusema amepata jibu. Alitaja washukiwa kadhaa: labda mchuzi wa soya, labda divai ya kupikia, labda monosodiamu glutameti, labda chumvi nyingi. Akaomba wenzake wachunguze. Ni barua ya mtu anayeuliza swali.

Lakini ikatoka na kichwa kinachosema "ugonjwa wa mgahawa wa Kichina". Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Magazeti yakadaka. Wasomaji wakaanza kuandika kwamba na wao wanaumwa kichwa, na wao wanatoka jasho. Ndani ya muda mfupi washukiwa wote wakaachiwa, akabaki mmoja tu: unga mweupe.

Mwaka uliofuata, 1969, mtafiti mmoja wa Marekani akachapisha kwamba panya wachanga waliopewa MSG walipata vidonda kwenye ubongo. Ukisikia hivyo lazima uogope. Ila soma vizuri walipewaje: walichomwa sindano chini ya ngozi, siku chache tu tangu wazaliwe, kwa kiwango kinachofika gramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 240, yaani karibu robo kilo, tena kwa sindano. Hakuna mpishi duniani anayeweza kukufanyia hivyo kwa bakuli la supu. Lakini taarifa ilitosha, watengenezaji wakubwa wa chakula cha watoto Marekani wakaiondoa kwenye bidhaa zao.

Kitu kinachouma ni nani alilipa. Marekani ya wakati ule MSG ilikuwa inatiwa kwenye supu za makopo na vyakula vya pakiti vya makampuni makubwa, na familia zilikuwa zinakula kila siku. Hakuna aliyesema "ugonjwa wa supu ya kopo". Lawama zikaenda kwa Wachina wenye migahawa midogo, wakalazimika kubandika mlangoni "hatutumii MSG" ili watu waingie. Jina lile lilidumu. Mpaka mwaka 2020 ndipo kamusi moja maarufu ya Marekani ilikubali kurekebisha maelezo yake baada ya watu kulalamika mtandaoni.

Umeona inavyofanana na yule dada wa supu? Mtu mwenye jiko dogo ndiye anayeshukiwa kwanza.

JARIBIO LENYEWE

Sasa tuache stori, tuangalie kipimo. Maana inawezekana kabisa uvumi ukaanza vibaya na bado ukawa na ukweli.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000 ambao naupenda kwa sababu hawakuokota watu hovyo. Walitafuta watu 130 ambao wenyewe walisema "mimi MSG inanidhuru". Yaani mashahidi wa upande wa mashtaka. Wakawapa vinywaji siku tofauti: kimoja kina gramu 5 za MSG, kingine cha kuzugia, hakina kitu. Tumbo tupu, na mtu hajui leo kapewa kipi.

Raundi ya kwanza: watu 50 walipata dalili kwa MSG tu. Watu 17 walipata dalili kwa kinywaji cha kuzugia tu, yaani waliumwa na kitu ambacho hakipo. Watu 19 waliumwa na vyote viwili. Watu 44 hawakuumwa na chochote. Hapo kuwa mkweli: 50 kwa 17 ni tofauti ya kweli. Gramu 5 kwa mkupuo kwenye tumbo tupu zinaweza kumsumbua mtu.

Lakini kama unga kweli ndio adui yako, ukirudia unatakiwa uumwe tena. Kati ya wale wa MSG tu, 37 wakaendelea na raundi ya pili. Waliopata majibu yaleyale walikuwa 19, nusu. Raundi ya tatu wakapewa kwenye vidonge ili hata ladha isiwape dokezo. Wakabaki wawili. Hao wawili wakapewa tena, safari hii baada ya kifungua kinywa. Majibu yao yakawa hayaeleweki, mara yapo mara hayapo.

Kutoka watu 130 waliojiapiza, hakubaki hata mmoja aliyeumwa kila mara akila MSG pamoja na chakula.

Sababu mojawapo iko tumboni. Glutameti unayokula, iwe ya nyanya au ya pakiti, sehemu kubwa sana inatumiwa na utumbo wenyewe kama mafuta ya kuendeshea kazi yake. Inayofika kwenye damu ni kidogo, na ubongo nao una ukuta wake unaozuia. Kuchoma sindano unaruka geti hilo. Kula huliruki.

TUPIGE HESABU YA SUPU

Basi "kiwango cha kawaida" ni kipi? Tuchukue sufuria ndogo ya nyumbani ya watu sita. Mpishi anatia nusu kijiko cha chai cha MSG, kama gramu 2. Gawanya kwa sita, kila bakuli lina theluthi moja ya gramu. Wataalamu waliofanya tathmini kwa serikali ya Marekani mwaka 1995 walisema wachache wanaweza kupata dalili ndogo za muda mfupi wakila gramu 3 au zaidi bila chakula. Kwa supu yetu hiyo ni bakuli tisa, na supu yenyewe ni chakula.

Ulaya wamebana zaidi. Mwaka 2017 walisema glutameti ya kuongezwa isizidi miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 1.8. Hata kwa kipimo hicho kikali, ukinywa bakuli tano za supu yetu bado hujafika. Na protini ya chakula cha kawaida cha siku nzima inakupa kama gramu 13 za glutameti bila wewe kujua.

Kwa hiyo nikisema haina madhara kwa kiwango cha kawaida, namaanisha kiwango hicho. Anayemimina vijiko vitatu kwenye bakuli lake ajue katoka nje ya mada.

Kuna jambo moja la kweli la kuangalia, nalo ni chumvi. Vile vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa pakiti, kitu kinachoongoza ndani mara nyingi ni chumvi ya kawaida. Mtu akitia vidonge vitatu na chumvi juu yake, akisikia kiu na kichwa kizito analaumu MSG wakati mhusika amekaa pembeni anacheka. MSG nayo ina sodiamu, ila ni kama theluthi ya iliyoko kwenye chumvi. Ukiwa na presha, chumvi ndiyo ya kuihesabu kwanza.

Na kama wewe unaamini kabisa inakudhuru, sikulazimishi. Jipime. Mwambie mtu wa nyumbani apike supu ileile kwa siku sita, siku tatu atie kiasi kidogo cha kawaida, siku tatu asitie, yeye ndiye achague siku na aandike kwenye karatasi asikuonyeshe. Wewe andika kila siku umejisikiaje. Mwisho wekeni karatasi pamoja. Ila kama ukila mahali unavimba midomo, unatoka mabaka au unabanwa pumzi, usijipime nyumbani, nenda hospitali. Hizo ni dalili za mzio, na wanaosababisha mara nyingi ni kina karanga, kamba na samaki.

Nikamalizie pale nilipoanzia. Juzi nimeenda kwa yule dada, nikamuuliza bila kuzunguka: ile nyeupe unayomimina ni nini? Akaniangalia kama mtu aliyechoka kuulizwa. Akafungua kopo, akanionjesha.

Ilikuwa chumvi.

Lakini hata ingekuwa MSG, ningekunywa. Nimeagiza bakuli mbili, na kachumbari ya nyanya pembeni.

Haya wadau, nyie kwenu mlikuwa mnaambiwaje kuhusu huu unga? Tiririkeni hapo chini, na ukiwa na yule rafiki anayesambaza zile sauti kwenye grupu, mtumie hii.